Ruta ikibadilishiwa seva za majina kimyakimya: namna ya kugundua na kurekebisha

Unaandika anwani ya tovuti unayoijua vizuri, unajikuta kwenye ukurasa wa kamari. Au kivinjari kinafunguka chenyewe na kukuhimiza upakue sasisho ambalo hukuliomba. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni kompyuta: inapelekwa kwa fundi, inafutwa, inawekewa Windows upya, inarudi nyumbani, na kabla ya jioni ukurasa ule ule umejitokeza tena. Ikifika hapo, iache kompyuta uigeukie ruta.

Ndani ya ruta kuna mstari mmoja wa tarakimu unaotaja seva ya majina, ile inayoandikwa DNS kwenye ukurasa wa mipangilio. Kila unapofungua tovuti, kifaa chako huiuliza seva hiyo: jina hili liko kwenye anwani gani? Kikishajibiwa huenda moja kwa moja huko bila kuhoji. Mtu akiubadilisha mstari huo uelekee kwenye seva yake, anaweza kujibu ukweli kwa majina elfu moja na uongo kwa majina matano tu anayoyataka. Intaneti inaendelea kwenda kasi kama kawaida, taa za ruta zinawaka kama kawaida, na programu ya kuzuia virusi haioni kitu kwa sababu kwenye kompyuta hakuna kilichoguswa.

Mchezo huu si mgeni. Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Team Cymru iliripoti ruta zipatazo 300,000 za majumbani na ofisi ndogo zilizokuwa zimebadilishiwa seva za majina, zote zikielekezwa kwenye anwani mbili tu, 5.45.75.11 na 5.45.75.36. Machi 2020, wakati watu wamejifungia ndani, ruta za Linksys na D-Link zilibadilishwa vivyo hivyo, na vivinjari vikaanza kufungua vyenyewe ukurasa uliojifanya wa Shirika la Afya Duniani ukitangaza programu ya habari za korona. Aliyeipakua aliingiza kidudu cha kuiba nywila.

Kisa nitakachokifuata hapa ni cha duka moja la steshenari mjini Arua. Lina kompyuta nne za kuchapia na kujazia fomu, ruta moja, na waya unaoshuka kutoka kwenye antena ya mtoa huduma iliyo juu ya paa. Anwani za kweli nimezibadilisha nikaweka za mfano, lakini mambo yalikwenda hivyo.

Dalili: ipi ni ya ruta, ipi siyo

Swali la kwanza kabla ya kugusa chochote ni hili: ni kifaa kimoja kinachosumbua, au vyote vilivyo kwenye waifai ile? Kama ni kimoja, ruta iache kwanza. Angalia ruhusa za arifa kwenye kivinjari, maana matangazo mengi ya ajabu kwenye simu hutoka kwenye tovuti ambayo mtu aliibonyezea "Allow" bila kusoma. Angalia pia viongezi vya kivinjari, na kwenye Windows fungua faili la `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts` uone kama kuna majina ya tovuti yaliyopachikwa humo. Mistari inayoanza na alama ya `#` haina madhara.

Kama ni vyote, au viwili vitatu visivyofanana, chukua simu moja, fungua ukurasa unaosumbua ukiwa kwenye waifai, kisha zima waifai uufungue kwa bando la laini. Ukisumbua kwenye waifai na kutulia kwenye bando, tatizo liko kwenye njia ya waifai ile, na ruta ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kipimo hicho ni chepesi, lakini hapa Uganda kina mtego wake. Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, simu nyingi hukaa na VPN imewashwa kutwa, na mwenye simu ameshasahau kuwa ipo. VPN huyapitisha maswali ya majina ndani ya njia yake yenyewe hadi kwenye seva zake. Simu yenye VPN itaonekana nzima kabisa hata kama ruta imeoza. Ndivyo ilivyokuwa Arua. Mwenye duka, ambaye watu wote humwita Hajati, alikuwa na uhakika.

"Fundi, hizi kompyuta zina virusi," alisema. "Simu ya kijana wangu iko kwenye waifai hii hii na haina shida yoyote."

"Hajati, mwambie azime VPN kwanza."

Kijana alipoizima, simu nayo ikapelekwa kwenye kamari. Kompyuta nne zikaondolewa mashtaka dakika hiyo hiyo.

Mbali na VPN kuna mambo mawili yanayoficha ugonjwa kwa namna ile ile. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina mpangilio wa `Private DNS`, na Chrome ina `Use secure DNS`. Vyote viwili vinaweza kuuliza majina kwa njia ya siri bila kupitia seva iliyotajwa na ruta. Ni vitu vizuri kuwa navyo, ila wakati wa kupima vizime, usije ukaambiwa kuna afya mahali penye homa.

Kuna pia mielekezo isiyo na ubaya. Bando likiisha, mtoa huduma anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wake wa kununua jingine. Hoteli na vyuo hukupeleka kwenye ukurasa wa kuingia. Na Facebook ikikataa kufunguka bila VPN, hilo limetokana na amri, halina uhusiano na ruta yako. Usipoteze mchana mzima kulitafuta kwenye mipangilio.

Dalili nzito kuliko zote ni onyo la cheti. Tovuti ya benki inayoanza na `https` huthibitisha jina lake kwa cheti, na mdanganyifu aliyekuelekeza kwenye seva yake hana cheti halali cha jina la benki. Kivinjari husimama na kuandika kwamba muunganisho si wa faragha. Onyo hilo likitokea kwenye tovuti moja tu, huenda waliacha cheti kikaisha muda. Saa ya kompyuta ikiwa nyuma kwa miaka, litatokea karibu kila mahali, kwa hiyo iangalie saa kwanza. Lakini saa ikiwa sahihi, tovuti mbili tatu za fedha au barua pepe zikatoa onyo kwenye waifai na zote zikafunguka safi kwa bando la laini, hapo tayari una sababu ya kutosha kuingia kwenye ruta. Usibonyeze sehemu ya kuendelea hivyo hivyo.

Kurasa zinazofunguka zenyewe zina maelezo ya pekee. Windows na simu, kila zinapojiunga na waifai, huita kimyakimya anwani fulani isiyo na usimbaji ili kujua kama intaneti ipo. Windows huita `www.msftconnecttest.com`. Seva ya majina ya mwizi ikiudanganya mwito huo, kifaa hudhani kimefika kwenye waifai ya hoteli inayotaka uingie kwanza, kikafungua ukurasa wa mwizi bila wewe kugusa kitu. Kwenye shambulio la 2020 ukurasa wa korona ulijitokeza kwa njia hiyo.

Kifaa kinasema seva yake ni nani

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mistari ya `Default Gateway` na `DNS Servers`. Kwenye Linux tumia `resolvectl status`. Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyojiunga nayo na ufungue maelezo yake.

Ukikuta anwani ya ajabu hapo, safari imekuwa fupi. Lakini mara nyingi utakuta hivi, kama tulivyokuta Arua:

```
Default Gateway . . . . . : 192.168.1.1
DNS Servers . . . . . . . : 192.168.1.1
```

Mafundi wengi huishia hapa na kusema DNS ni salama, na ndiyo maana kompyuta za Hajati zilikuwa zimekwisha kufutwa bure kabla. Mstari huo unasema tu kwamba kompyuta inaiuliza ruta. Ruta yenyewe haiyajui majina. Inapokea swali na kulipeleka kwa seva nyingine iliyoandikwa upande wake wa nje. Seva hiyo ya pili haionekani kwenye kompyuta kabisa. Kwa hiyo 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwenye ruta nyingi za laini za Huawei, haiisafishi ruta wala haiitii hatiani.

Kuna swali moja linaloweza kuichungulia seva iliyojificha nyuma ya ruta:

```
nslookup -type=txt o-o.myaddr.l.google.com
```

Jina hilo ni la Google, na jibu lake ni anwani ya seva iliyofika kwao kuuliza. Ukipata anwani ya mtoa huduma wako, au ya huduma inayojulikana uliyoiweka mwenyewe, ni dalili njema. Ukipata anwani ya kampuni ya kukodisha seva katika nchi ambayo huna uhusiano nayo, shuku. Usitegemee ilingane tarakimu kwa tarakimu na ile iliyoandikwa kwenye ruta, kwa sababu seva kubwa hupokea maswali kwa mlango mmoja na kuyatoa kwa mwingine. Na ujue kikomo chake: seva ya mwizi inaweza kuyapeleka kwa Google maswali yote isiyotaka kuyadanganya, na likiwamo hili utaona anwani ya Google ukadhani mambo ni shwari. Kipimo hiki kikikataa kimekataa, lakini kikikubali kisikutoshe.

Uliza jina lile lile kwa njia tatu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi. Chukua jina la tovuti iliyokusumbua, si jina lolote, kwa sababu mwizi hadanganyi majina yote. Kwanza iulize ruta:

```
nslookup www.benkiyako.example 192.168.1.1
```

Kisha uliza seva ya nje moja kwa moja:

```
nslookup www.benkiyako.example 1.1.1.1
```

Njia ya tatu ni kufungua anwani hii kwenye kivinjari:

```
https://dns.google/resolve?name=www.benkiyako.example&type=A
```

Utaona maandishi makavu yenye neno `data` likifuatiwa na anwani. Njia hii ina uzito wake kwa sababu maswali ya kawaida ya majina husafiri wazi kwenye mlango namba 53, na ruta iliyoharibiwa, au hata mtoa huduma, anaweza kuyadaka njiani na kuyajibu mwenyewe hata kama uliyaandikia 1.1.1.1. Swali la tatu linasafiri ndani ya `https`. Kama mtu amelidaka, kivinjari kitatoa onyo la cheti badala ya jibu.

Arua majibu yalikuwa haya: ruta ilisema 203.0.113.77, seva ya nje ikasema 198.51.100.20, na njia ya tatu ikasema 198.51.100.20.

Usishangilie bado. Tovuti kubwa huwa na anwani nyingi na kila seva ya majina inaweza kupewa ya karibu yake, kwa hiyo tofauti peke yake haithibitishi kitu. Ukiuliza jina la Google kwa njia tatu unaweza kupata majibu matatu tofauti, yote ya kweli. Cha kuangalia ni mambo mengine mawili. La kwanza, je, majina yasiyohusiana yanaangukia kwenye anwani moja? Tuliuliza ruta kuhusu benki, kisha kuhusu barua pepe ya kampuni nyingine kabisa, na zote mbili zikapelekwa 203.0.113.77. La pili, anwani hiyo ni ya nani? Hili la pili ni la lazima, kwa sababu zipo kampuni halali zinazobeba maelfu ya tovuti nyuma ya anwani chache, na ukiliruka unaweza kumshtaki asiye na kosa.

Mwenye anwani anatafutwa kwenye orodha ya umma ya whois. Anwani za Afrika husajiliwa na AFRINIC, na nyingi huanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197. Ukiiweka kwenye ukurasa wa utafutaji wa AFRINIC itakuambia jina la kampuni, au kwamba anwani hiyo ni ya bara jingine. Fanya utafutaji huu kwa bando la simu, usiufanye kwa waifai unayoishuku. Ya Arua ilikuwa ya kampuni ya kukodisha seva ya Ulaya, isiyo benki wala mtoa barua pepe.

Jaribio dogo la nyongeza: uliza ruta jina ambalo haliwezi kuwapo, kama `hakunajinahili98431.com`. Seva ya kweli itajibu kwamba halipo, ile `Non-existent domain`. Ikikupa anwani, unayemuuliza anatunga majibu. Wapo watoa huduma wanaofanya hivyo ili wakuoneshe matangazo, kwa hiyo lihesabu kama kidokezo tu.

Ndani ya ruta: sehemu mbili, na ya tatu inayosahaulika

Sasa ingia. Andika anwani ya `Default Gateway` kwenye kivinjari, uweke jina na nywila ya msimamizi. Kama nywila bado ni `admin` na haijawahi kubadilishwa, umeshapata nusu ya jibu la namna mtu alivyoingia. Kama nywila uliyoiweka mwenyewe imekataliwa, umepata karibu jibu lote.

Piga picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha. Ruta ikishasafishwa, ushahidi haurudi.

Sehemu ya kwanza ni ukurasa wa upande wa nje, unaoitwa `WAN` au `Internet`. Tafuta `Primary DNS` na `Secondary DNS`, na alama ya tiki kwenye maneno kama `Use These DNS Servers`. Kwa kawaida ruta ya nyumbani hupokea yenyewe seva hizo kutoka kwa mtoa huduma, na tiki haipo. Ikiwapo, kuna mtu aliyeiweka. Swali ni nani.

Sehemu ya pili ni ukurasa wa `DHCP`, kwa kawaida chini ya `LAN`. Hapa ruta huamua kila kifaa kiambiwe seva gani. Ikiwa 0.0.0.0 au tupu, vifaa vitaambiwa viiulize ruta. Ikiwa na anwani nyingine, ndiyo utakayoiona kwenye `ipconfig /all`.

Ya tatu ni `IPv6`, aina mpya ya anwani za intaneti. Baadhi ya ruta zina seva za majina za IPv6 kwenye ukurasa wake peke yake, na mtu anaweza kusafisha sehemu mbili za kwanza akaiacha hii. Kama vifaa vyako havipati anwani za IPv6, pita.

Ruta nyingi ndogo za laini hazioneshi seva za upande wa nje popote. Hizo huna budi kuzihukumu kwa majibu yao tu, kwa kutumia vipimo vya hapo juu.

Kwenye ruta ya Hajati ukurasa wa DHCP ulikuwa 0.0.0.0, ndiyo maana kompyuta zilisema 192.168.1.1. Ukurasa wa WAN ulikuwa na tiki, wa kwanza 203.0.113.10 na wa pili 8.8.8.8. Hiyo 8.8.8.8 ya Google haikuwekwa pale kwa wema. Seva ya kwanza ikichelewa au ikizimwa, ruta inauliza ya pili na huduma inaendelea, mwenye ruta asipate sababu ya kumwita fundi. Hapo ndipo tulipoelewa lalamiko ambalo Hajati alikuwa amelitaja tangu mwanzo na hakuna aliyemwamini: kwamba benki "ikitaka" inafunguka. Ilifunguka kila mara seva ya kwanza ilipozubaa.

Kabla ya kusema ruta imedukuliwa, mpigie aliyeifunga. Wapo mafundi wanaoweka kwa makusudi 9.9.9.9 ya Quad9 au 208.67.222.222 ya OpenDNS ili kuzuia kurasa mbaya, na shule nyingi zinataka hivyo. Fundi wa Arua alisema hakuweka kitu, na 203.0.113.10 si ya huduma yoyote ya aina hiyo. Hapo ndipo tulipofunga kesi.

Aliingiaje?

Watu hupenda kumfikiria mdukuzi aliye nje ya nchi akibisha mlango wa ruta. Inawezekana, ikiwa usimamizi wa mbali, `Remote Management`, umewashwa na ruta ina anwani ya umma. Angalia anwani ya WAN. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya umma, na mtu wa intaneti ya nje hawezi kuifikia ruta yako moja kwa moja. Ya Arua ilianza na 100.72. Aliye kwenye mtandao wa mtoa huduma yule yule huenda angeweza, lakini usimamizi wa mbali ulikuwa umezimwa.

Kwa hiyo mabadiliko yalitoka ndani, na kutoka ndani kuna njia tatu. Mtu aliye kwenye waifai anafungua 192.168.1.1 na kuandika `admin`. Na nywila ya waifai ya Hajati ilikuwa imebandikwa ukutani kwa ajili ya wateja. Au mmoja amefungua ukurasa wenye msimbo unaokiagiza kivinjari chake kuipelekea ruta maombi ya kubadilisha mipangilio, kwa nywila za kiwandani; kivinjari kiko ndani, kwa hiyo ruta inakiona kama mwenye nyumba. Au kompyuta moja ina kidudu kinachofanya kazi hiyo chenyewe. DNSChanger, kilichokamatiwa watu wake Estonia Novemba 2011 baada ya kuambukiza kompyuta zipatazo milioni nne, kilijua kujaribu nywila za kiwandani kwenye ruta.

Ipi kati ya hizo? Hatukuweza kujua. Rekodi za matukio za ruta ndogo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na umeme ulikuwa umekatika usiku. Kurasa za rekodi hizo zilianza asubuhi ile. Mipangilio yenyewe haifutiki kwa umeme kukatika, kwa hiyo kuzima na kuwasha ruta hakutibu kitu; kunapoteza ushahidi tu.

Kurekebisha, kwa mpangilio huu

Kufuta tarakimu za mwizi na kuhifadhi kunatosha kwa saa kadhaa, lakini huwezi kujua ni nini kingine kilichoguswa. Safisha ruta nzima.

Kwanza andika unavyounganishwa na mtoa huduma: jina na nywila za `PPPoE` kama zipo, au `APN` kwa ruta ya laini, au anwani ya kudumu kama ulipewa. Usipoziandika, baada ya kusafisha utakaa bila intaneti ukisubiri simu ipokelewe. Kisha chomoa waya wa nje, bonyeza kitundu cha `Reset` kwa sekunde 10 hivi hadi taa zizime na kuwaka upya. Usirudishe mipangilio kutoka kwenye faili la akiba ulilohifadhi zamani, maana linaweza kuwa na tarakimu zile zile ndani yake.

Waya wa nje ukiwa bado umechomolewa, weka nywila mpya ya msimamizi, tofauti na ya waifai. Zima usimamizi wa mbali na `UPnP`. Weka nywila mpya ya waifai, na kama ruta ina waifai ya wageni, wateja wapewe hiyo. Hakikisha mgeni hawezi kufungua ukurasa wa ruta. Rudisha waya, kisha pakua toleo jipya la programu ya ruta kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukitumia bando la simu kulipakua.

Kwa seva za majina una hiari mbili: uiache ruta ichukue za mtoa huduma, au uandike mwenyewe, mfano 9.9.9.9 na 149.112.112.112, zote za Quad9. Mimi huandika, kwa sababu moja ya vitendo: tarakimu ninazozijua ni rahisi kuzikagua mwezi ujao. Asiyetaka kuandika, aandike basi kwenye karatasi zile anazozipata kwa mtoa huduma siku hiyo.

Vifaa navyo vina kumbukumbu ya majibu ya uongo. Kwenye kila Windows:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /flushdns
```

Kwenye simu, isahau waifai na ujiunge upya. Funga vivinjari vyote uvifungue tena. Kisha rudia yale maswali matatu. Arua ruta ilijibu 198.51.100.20, sawa na wengine, na benki ikafunguka bila onyo.

Bado kuna nywila zilizoandikwa wakati ruta ilipokuwa mgonjwa. Mtu aliyesimama kwenye onyo la cheti akarudi nyuma hakuibiwa kitu hapo. Aliyelipita onyo akaandika nywila abadilishe leo, kwa kifaa kingine, na kama ni ya benki awapigie benki. Mmoja wa vijana wa duka alikiri kwamba alikuwa akilipita "kwa sababu mteja ana haraka". Barua pepe mbili zilibadilishiwa nywila jioni ile.

Tarakimu zikirudi

Fungua ukurasa wa WAN kesho yake, na tena baada ya wiki. Zikirudi huku nywila ya msimamizi ikiwa ni mpya, kuna mambo mawili. Ama kompyuta moja ndani imehifadhi nywila hiyo au ina kidudu, ama ruta ina tundu lisilohitaji nywila. Kuyatenganisha ni rahisi: safisha ruta tena, iache usiku kucha ikiwa na simu moja tu unayoiamini. Tarakimu zikibaki salama, ongeza kompyuta moja kwa siku hadi utakapoona ni ipi iliyokuja na balaa, na hiyo ndiyo ya kuwekewa Windows upya. Zikibadilika hata kwa simu ile moja, na mtengenezaji hana toleo jipya la programu, nunua ruta nyingine. Ya zamani usimuuzie mtu.